Baiti Nne Zilizosogeza Kila Kitu

Mwaka 1993, Jeremy Elson wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alitoa bure programu aliyoiita CircleMUD. Ilikuwa seva ya mchezo wa maandishi matupu: watu wengi wanaunganishwa kwa mtandao, kila mmoja ana mhusika wake, wanatembea, wanapigana na kukusanya dhahabu kwa kuandika amri. Aliijenga juu ya DikuMUD, kazi ya vijana wa idara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Copenhagen, Denmark, iliyotoka mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1990. Waliochukua msimbo wa CircleMUD hawakutaka tu kucheza. Walitaka kuubadilisha, kila mmoja awe na dunia yake, yenye kabila lake la mashujaa na aina yake ya uchawi. Ndiyo maana wengi wao, bila kujuana, walianguka kwenye shimo lile lile. Mtu anaongeza fildi moja mpya kwenye muundo unaobeba habari za mchezaji, anakompaili, anawasha seva, na wachezaji wake wa miezi yote iliyopita wanapotea au wanarudi wakiwa na namba za ajabu.

Nimeichagua CircleMUD kwa sababu msimbo wake uko wazi kwa kila mtu na kosa lake linaonekana kwa macho. Leo michezo inaandikwa kwa zana nyingine, lakini kila mahali ambapo programu inamwaga muundo wa kumbukumbu moja kwa moja kwenye faili, mambo huenda kama yanavyokwenda hapa.

Wachezaji wote wa CircleMUD 3 hukaa katika faili moja, `lib/etc/players`. Ndani yake hakuna maandishi ya kusomeka wala vichwa vya habari. Ni rekodi zilizopangwa moja baada ya nyingine, zote za ukubwa mmoja, na kila rekodi ni nakala halisi ya muundo unaoitwa `char_file_u` jinsi ulivyokaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Muundo huo ni mrefu: jina, maelezo ya mhusika, cheo, jinsia, darasa, kiwango, nywila iliyofichwa, ujuzi wote, nguvu, uhai, na mengineyo. Hapa nitatumia muundo mdogo unaofanya kazi vile vile, ili tuweze kuhesabu kila baiti.

```c
struct mchezaji {
    char jina[20];   /* baiti 0 hadi 19  */
    int  kiwango;    /* baiti 20 hadi 23 */
    int  dhahabu;    /* baiti 24 hadi 27 */
    int  uhai;       /* baiti 28 hadi 31 */
};
```

Jumla ni baiti 32. Kumpata mchezaji fulani ni hesabu tupu ya kuzidisha: namba ya rekodi mara ukubwa wa muundo. CircleMUD hufanya hivyo hivyo kwa `fseek`, kisha `fread` inachota rekodi nzima kwa mkupuo mmoja.

```c
fseek(f, n * sizeof(struct mchezaji), SEEK_SET);
fread(&m, sizeof(struct mchezaji), 1, f);
```

Njia hii ni ya haraka sana, na kwenye kompyuta za wakati ule haraka hiyo ilikuwa na maana. Lakini tazama kilichokosekana. Faili halisemi popote kwamba rekodi ina baiti 32, wala kwamba dhahabu inaanzia baiti ya 24. Ni kama daftari la duka ambalo mwenyewe hakuandika vichwa vya safu, akiamini atakumbuka daima ipi ni ya madeni na ipi ni ya mauzo. Kumbukumbu hiyo iko kwenye msimbo peke yake, na `sizeof` huhesabiwa upya kila unapokompaili. Ukibadilisha muundo, msimbo unabadilika papo hapo. Faili linabaki vile lilivyoandikwa jana.

Tuwe na wachezaji watatu. Rekodi sifuri ni Juma, kiwango 12, dhahabu 250, uhai 80. Rekodi ya kwanza ni Asha, na ya pili ni Baraka. Faili lote lina baiti 96. Sasa mwenye seva anataka wachezaji wawe na nguvu za uchawi, na kwa tahadhari anaiweka fildi mpya mwishoni, baada ya uhai, akidhani kwamba kwa kutoigusa mipangilio ya zamani amekuwa salama.

```c
    int  uhai;       /* baiti 28 hadi 31 */
    int  nguvu;      /* baiti 32 hadi 35: MPYA */
};
```

Muundo sasa una baiti 36. Seva inawashwa na kuanza kusoma. Rekodi sifuri inasomwa kuanzia baiti 0 hadi 35. Jina la Juma liko sawa, kiwango 12, dhahabu 250, uhai 80, kila kitu mahali pake. Nguvu zake zinasomwa kutoka baiti 32 hadi 35, na hizo katika faili la zamani ni herufi nne za kwanza za jina la jirani yake: A, s, h, a. Kompyuta haioni herufi. Inaona namba nzima, na kwenye prosesa za kawaida za Intel, ambazo huanza na baiti ndogo, namba hiyo ni 1634235201.

Rekodi ya kwanza inaanzia baiti ya 36, wakati Asha wa kweli alianzia 32. Herufi zake nne zimeshamezwa na Juma, kwa hiyo baiti ya kwanza inayosomwa kama jina ni sifuri, na sifuri kwa lugha ya C ni mwisho wa neno. Asha hana jina. Kiwango chake sasa ni dhahabu yake ya zamani, dhahabu yake ni uhai wake wa zamani, uhai wake ni herufi "Bara" zilizogeuzwa kuwa 1634885954, na nguvu zake ni 24939, yaani herufi "ka" zilizobaki za jina la Baraka. Rekodi ya pili ilipaswa kuanzia baiti ya 72 na kumalizikia 107, lakini faili linaishia baiti ya 95. Kuna baiti 24 tu za kusoma, hazitoshi rekodi moja, na Baraka hahesabiwi kabisa.

Kama fildi ingewekwa katikati, tuseme baada ya kiwango, hata Juma angeharibika palepale: dhahabu yake ingeingia kwenye nguvu na uhai ungeingia kwenye dhahabu. Naona hilo lingekuwa afadhali, kwa sababu uharibifu unaoonekana kwenye rekodi sifuri humfanya mtu asimame. Fildi ya mwishoni inamwacha mchezaji wa kwanza akiwa mzima, na katika CircleMUD mchezaji wa kwanza si mtu yeyote tu. Programu imeandikwa hivi kwamba mhusika wa kwanza kabisa kuundwa anapewa cheo cha juu kuliko vyote. Ndiye mungu wa dunia ile. Kwa kawaida huyo ni mwenye seva mwenyewe. Basi anawasha seva baada ya mabadiliko yake, anaingia kwa jina lake, nywila inakubali, kiwango ni kile kile, dhahabu ipo. Kitu kimoja tu ni kigeni: nguvu zake ni zaidi ya bilioni moja na nusu. Anadhani amesahau kuipa fildi mpya thamani ya kuanzia. Anatumia amri ya wasimamizi kuiweka 100, anaridhika, na mchezo unahifadhi.

Hapo ndipo uharibifu wa kweli unaanza, na kabla ya hapo haukuwepo. Watu wengi hulipita jambo hili. Mpaka dakika ile hakuna hata baiti moja iliyopotea. Faili lilikuwa zima kama lilivyokuwa jana. Lilikuwa linasomwa vibaya tu. Kama mwenye seva angezima, akarudisha msimbo wa zamani na kukompaili tena, Asha na Baraka wangerudi na kila walichokuwa nacho. Lakini kuhifadhi rekodi sifuri kwa muundo mpya ni kuandika baiti 36 kuanzia mwanzo wa faili, na zile nne za mwisho zinaangukia juu ya jina la Asha. Palipokuwa na herufi A, s, h, a sasa pana namba 100. CircleMUD huhifadhi wachezaji yenyewe kila baada ya muda, na tena wanapotoka, kwa hiyo hata asingeamuru kuhifadhi, namba hiyo ingefika kwenye faili.

Asha anakuja jioni. Anaandika jina lake. Seva ilipowaka ilisoma rekodi zote na kutengeneza orodha ya majina kwenye kumbukumbu, na katika orodha hiyo jina la Asha halimo. Inamuuliza kama inavyomuuliza mgeni: `Did I get that right, Asha (Y/N)?` Yeyote aliyewahi kuendesha seva za aina hii anaujua uzito wa swali hilo linapoulizwa kwa mchezaji wa siku nyingi. Baraka naye anaulizwa vile vile, na kwa kuwa hajui kinachoendelea anajibu ndiyo, anachagua nywila na darasa, na anaanza upya. Mchezaji mpya huandikwa mwisho wa orodha. Seva inajua ina rekodi mbili, kwa hiyo ya tatu inaiweka kwenye baiti ya 72 hadi 107. Kiwango cha zamani cha Baraka kilikuwa baiti 84 hadi 87, dhahabu 88 hadi 91, uhai 92 hadi 95. Vyote vimefunikwa na Baraka mpya, na hivyo havirudi tena.

CircleMUD ilikuwa na mlinzi. Inapotengeneza orodha ya majina hugawanya ukubwa wa faili kwa ukubwa wa muundo, na ikibaki salio huandika kwenye logi: `WARNING: PLAYERFILE IS PROBABLY CORRUPT!` Katika mfano wetu, 96 kwa 36 ni mbili na salio 24, kwa hiyo onyo lingetoka. Kisha seva ingeendelea kuwaka kana kwamba hakuna kitu, na hapo sikubaliani nayo hata kidogo. Onyo hilo liko katikati ya mistari mingi ya logi ya kuwasha, na mtu asiyetazama logi haoni kitu. Programu iliyojua kwamba huenda inasoma vibaya, na ambayo dakika chache baadaye itaandika juu ya kile ilichokisoma vibaya, ilipaswa kukataa kuwaka.

Mlinzi huyo ana udhaifu mwingine mkubwa zaidi: anatazama salio peke yake. Baada ya Baraka kujisajili upya, faili lina baiti 108. Ukigawa kwa 36 unapata tatu kamili. Seva ikizimwa na kuwashwa tena, onyo halitoki, na mwenye seva aliyeliona mara ya kwanza ataamini kwamba tatizo limejirekebisha. Zaidi ya hapo, kuna idadi ya wachezaji ambayo isingetoa onyo tangu mwanzo. Wachezaji tisa kwa baiti 32 ni 288, na 288 kwa 36 ni nane kamili. Watu tisa wanageuka nane, na hesabu inakubali.

Kabla ya kuendelea, nijibu swali ambalo aliyewahi kufanya kazi hii analo kichwani: mbona safari nyingine fildi inaongezwa na hakuna kinachotokea? Kompaila hupenda kila `int` ianzie kwenye baiti inayogawanyika kwa nne, na pale inapobidi huacha baiti tupu za kujazia. Kama jina lingekuwa na nafasi 21 badala ya 20, zingebaki baiti tatu tupu kati ya jina na kiwango. Ukiongeza `char` moja mahali hapo, inaingia kwenye nafasi hiyo tupu na ukubwa haubadiliki. Aliyebahatika hivyo mara moja hujifunza kwamba kuongeza fildi hakuna madhara, na safari inayofuata anaongeza `int`. Kinyume chake pia hutokea: muundo haujaguswa, lakini seva imehamishwa kutoka Linux ya biti 32 kwenda ya biti 64. Huko `long` ilikuwa baiti nne na huku ni nane. Muundo wa `char_file_u` una fildi kadhaa za aina hiyo, kwa hiyo faili zima linasogea ingawa hakuna aliyeongeza neno kwenye msimbo.

Sasa tuje kwenye kutambua na kuokoa. La kwanza kabisa ni kuzima seva, kwa sababu kila dakika inayowaka inaandika. La pili ni kunakili faili na kuliweka pembeni hata kama limeshaharibika, kwa sababu ndilo lililobeba kilichobaki. Kisha litazame baiti kwa baiti kwa `hexdump -C`. Faili letu, kabla halijaandikwa kwa muundo mpya, linaanza hivi:

```
00000000  4a 75 6d 61 00 00 00 00  00 00 00 00 00 00 00 00  |Juma............|
00000010  00 00 00 00 0c 00 00 00  fa 00 00 00 50 00 00 00  |............P...|
00000020  41 73 68 61 00 00 00 00  00 00 00 00 00 00 00 00  |Asha............|
```

Safu ya kushoto ni mahali ndani ya faili, kwa hesabu ya msingi wa 16. Juma anaanza sifuri, Asha anaanza 20, ambayo kwa hesabu yetu ya kawaida ni 32. Umbali kati ya jina na jina linalofuata ndio ukubwa wa rekodi wakati faili lilipoandikwa, na ukilinganisha na `sizeof` ya msimbo wa sasa umeshapata jibu. Kama umbali ni 32 na msimbo unasema 36, hakuna haja ya kubahatisha zaidi. Faili lililokwisha kuandikwa kwa miundo yote miwili litakuonyesha umbali usio sawa: rekodi za mwanzo zinapandana, za mwisho zinafuata kipimo kipya, na katikati kuna za zamani ambazo hazijaguswa. Hizo za katikati zinaokoleka zote.

Kuna dalili nyingine ambayo mtu anaweza kuiona bila chombo chochote. Namba zinazozunguka bilioni 1.6, kwenye fildi isiyostahili kuwa na namba hata elfu moja, karibu kila mara ni herufi nne. Igeuze 1634235201 iwe msingi wa 16 unapata 61687341, na ukisoma jozi hizo kutoka kulia kwenda kushoto, 41, 73, 68, 61, ni Asha. Ukikuta jina la mtu ndani ya uhai wa mtu mwingine, unajua data imesogea, na unajua imesogea kuelekea wapi.

Kwa Asha, herufi za jina zimefunikwa na namba 100, lakini kiwango, dhahabu na uhai wake bado viko baiti 52 hadi 63. Yanayokosekana ni herufi nne. CircleMUD huhifadhi mizigo ya wachezaji kwenye mafaili mengine kabisa, moja kwa kila mtu, yakiitwa kwa jina lake, kwa mfano `asha.objs` chini ya `lib/plrobjs`. Mafaili hayo hayakuguswa na mkasa huu. Ukilinganisha majina ya mafaili hayo na rekodi zisizo na jina, mara nyingi unaweza kujua nani ni nani, ukaandika herufi zake upya kwa mkono.

Baada ya faili la zamani kupatikana likiwa zima, ama kutoka kwenye nakala ya akiba au kwa ukarabati huo, halisomwi tena na seva mpya. Linageuzwa kwanza. Programu ya kugeuza ni fupi, na siri yake ni kubeba miundo yote miwili kwa pamoja: wa zamani kwa ajili ya kusoma, mpya kwa ajili ya kuandika.

```c
while (fread(&z, sizeof z, 1, kale) == 1) {
    memset(&m, 0, sizeof m);
    memcpy(m.jina, z.jina, sizeof m.jina);
    m.kiwango = z.kiwango;
    m.dhahabu = z.dhahabu;
    m.uhai    = z.uhai;
    m.nguvu   = 100;
    fwrite(&m, sizeof m, 1, mpya);
}
```

Faili `kale` hufunguliwa kwa kusoma tu, na `mpya` ni faili jingine lenye jina jingine. Kugeuza ndani ya faili lile lile ni hatari, maana rekodi mpya ni ndefu na zitafunika za zamani ambazo bado hazijasomwa. Ukimaliza, hesabu: rekodi tatu za zamani lazima zitoe baiti 108, si zaidi wala pungufu, na mchezaji wa mwisho ndiye wa kukaguliwa kwanza, kwa kuwa kosa lolote la kusogea huongezeka kila rekodi na huwa kubwa kuliko kote mwishoni. CircleMUD yenyewe ilikuja na programu ya aina hii, `play2to3`, ya kuwahamisha wachezaji kutoka toleo la pili kwenda la tatu.

Mstari wa nguvu, ule wa 100, unastahili kufikiriwa kuliko mistari mingine yote. Wachezaji wa zamani hawakuwahi kuwa na fildi hii, kwa hiyo lazima mtu aamue wawe na kiasi gani, na uamuzi huo ni wa mchezo, si wa kompyuta. Ukiacha sifuri kwa mazoea, jiulize sifuri ina maana gani. Katika CircleMUD, njaa na kiu huhesabiwa kutoka 24, ambayo ni kushiba, kushuka hadi sifuri, ambayo ni njaa kali, na hasi moja maana yake mtu huyu haguswi na njaa. Anayeongeza fildi ya namna hiyo na kuwajazia wote sifuri, wachezaji wake wote wa zamani wataingia mchezoni wakiwa na njaa siku hiyo hiyo. Data haijaharibika hata kidogo, lakini kwa mchezaji tofauti haionekani.

Waandishi wa CircleMUD walilijua tatizo la ukubwa na waliacha dawa ndani ya muundo wenyewe. Mwishoni mwa sehemu inayobeba habari maalumu za mchezaji kuna fildi zisizo na kazi, `spare0`, `spare1` na kuendelea, hadi `spare21`: kwanza kadhaa za baiti moja moja, kisha za `int`, kisha za `long`. Maelezo yaliyo juu yake yanaruhusu kuzibadilisha majina na yanakataza kubadilisha mpangilio. Anayetaka nguvu anachukua `spare` moja ya `int` na kuiita `nguvu`. Ukubwa haubadiliki, hakuna kinachosogea. Mahali pengine katika muundo huo huo utakuta fildi iitwayo `PADDING0`, kaburi la fildi iliyokuwa ya baiti moja, ikaonekana ndogo, ikahamishiwa kwenye nafasi ya `int` huku mahali pake pa zamani pakiachwa pamejazwa ili wengine wasisogee. Naiheshimu sana kazi hiyo. Ni nidhamu ya mtu aliyefikiria data za watu wengine. Ila nafasi hizo zina mwisho, zina aina zake, haziwezi kubeba neno au orodha, na zote huanza na sifuri, kwa hiyo swali la njaa linabaki pale pale.

Anayebaki na faili la aina hii anaweza kujilinda zaidi kwa mstari mmoja wa C ya mwaka 2011 na kuendelea, unaokataa kukompaili ikiwa ukubwa umebadilika bila yeye kukusudia:

```c
_Static_assert(sizeof(struct mchezaji) == 32, "faili la wachezaji!");
```

Mstari huo unahamisha tatizo kutoka jioni ya Asha kwenda kwenye meza ya mwandishi wa programu, kabla seva haijawaka. Lakini haukamati kila kitu. Fildi mbili za ukubwa mmoja zikibadilishana nafasi, jumla ni ile ile, na dhahabu inakuwa uhai bila kompaila kulalamika. Ili faili lenyewe liweze kukataa, linahitaji kichwa: baiti chache za mwanzo zenye namba ya toleo na ukubwa wa rekodi. Mpangilio wowote ukibadilika, namba ya toleo inaongezwa, na seva inayokuta toleo la zamani inaita kigeuzi cha toleo hilo kabla ya kitu kingine. Vigeuzi huandikwa hatua kwa hatua, wa kwanza kwenda wa pili, wa pili kwenda wa tatu, wala havifutwi, maana siku moja atatokea mtu mwenye nakala ya akiba ya miaka mingi nyuma.

Waliorithi CircleMUD walikwenda mbali zaidi. tbaMUD, seva inayoendeleza msimbo huo, iliachana na faili moja la baiti. Kila mchezaji ana faili lake la maandishi, na karibu kila mstari unaanza na lebo ya herufi nne inayosema ni fildi gani, kisha thamani yake. Lebo isipokuwepo, fildi inapewa thamani ya kuanzia iliyoandikwa kwenye msimbo. Kuongeza fildi mpya hapo hakumsogezi mtu yeyote: faili la zamani halina mstari huo, mchezaji anapata thamani ya kuanzia, na mstari utaandikwa atakapohifadhiwa akiwa na thamani tofauti na hiyo. Faili la mmoja likiharibika, la jirani halina habari. Mimi ningeanza hapo kwa mchezo wowote mpya, isipokuwa ule ambao kasi ya kuhifadhi imepimwa na kuonekana haitoshi.

Hata hivyo mpangilio huo una upande mmoja ulio wazi, na ni upande wa kurudi nyuma. Tuseme toleo jipya lenye nguvu limekaa wiki moja, likaonekana lina kasoro nyingine, na mwenye seva akarudisha la zamani kwa muda. Toleo la zamani linasoma faili la Asha, linakuta lebo lisiyoijua, linairuka na kuendelea. Asha anacheza kawaida. Anapotoka, seva inaandika faili lake upya kutoka kwenye kile inachokijua, na mstari wa nguvu haumo. Toleo jipya likirudi siku ya tatu, linakuta hakuna lebo, linampa thamani ya kuanzia, 100, kana kwamba hajawahi kujifunza uchawi. Anayetaka kuzuia hilo ana njia mbili: msomaji aitunze mistari asiyoielewa kama ilivyo na kuiandika tena wakati wa kuhifadhi, au faili la maandishi nalo liwe na namba ya toleo, na programu ya zamani ikikuta namba kubwa kuliko yake ikatae kumfungulia Asha mlango mpaka toleo jipya lirudi.